Mikro yako ni ya aina gani? Anza kwenye fishi

Siku moja mbele yangu mezani kulikuwa na mikro tatu. Wengine husema maikrofoni, wengine kipaza sauti, lakini hapa Kisangani wote tunasema mikro, nami nitabaki na neno hilo. Moja ilikuwa kubwa na nzito, nyeusi, yenye wavu mpana wa kung'aa. Ya pili ilikuwa ile ya kushika mkononi, ya karaoke. Ya tatu ilikuwa ndogo kama punje ya haragwe, yenye kibano cha kubana kwenye nguo.

Ile kubwa ilikuwa ya mama mmoja wa Mangobo. Alikuja kwangu na toleka, ameipakata ndani ya sanduku lake. Mama huyo anarekodi hadithi alizokuwa akisimuliwa na mama yake mzazi, ili wajukuu walioko mbali wazisikie kwa sauti ya nyumbani. Alikuwa amekwisha kurekodi hadithi tano. Aliponisalimu tu akaniambia, "Papa, nimenunua mikro kubwa, lakini sauti inatoka kama ninaongea ndani ya pipa."

Nikasikiliza. Kweli, ilikuwa ndani ya pipa. Neno likitoka linafuatwa na mwangwi wake, kuta za saruji zinasikika, jogoo wa jirani yuko karibu sawa na msimulizi. Nikamuuliza mikro aliiweka wapi. Akasema mezani, kiganja kimoja kutoka mdomoni. Na simu iliyokuwa inarekodi? Juu ya kiti, upande wa pili wa meza. Hapo nikaanza kushuku. Mikro iliyo kiganja kimoja kutoka mdomoni haiwezi kusikia chumba namna ile.

Basi tukafanya jaribio ambalo hata wewe unaweza kulifanya jioni ya leo. Nilichomeka mikro yake kwenye simu, nikaanza kurekodi, nikakwaruza wavu wa mikro kwa ukucha mara tatu. Kisha nikakwaruza upande wa chini wa simu, pale penye tundu dogo, mara tatu. Tukasikiliza. Mikwaruzo ya mikro ilisikika kwa mbali sana, kama mtu anayekuna ukuta wa chumba cha pili. Mikwaruzo ya simu ilitoka kwa nguvu, krrr, krrr, krrr. Hadithi zote tano zilikuwa zimerekodiwa na simu yenyewe, kutoka juu ya kiti. Mikro kubwa haikurekodi hata neno moja. Mama alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Sasa imekufa?" Haikufa. Fishi yake ndiyo haikuelewana na simu.

Kwa hiyo ukitaka kuijua mikro, usianze na umbo lake. Umbo linaweza kudanganya. Anza na fishi. Mikro hii kubwa ina mdomo wa chuma chini yake, wenye pini tatu ndani ya duara. Mdomo huo unaitwa XLR, na ndio wa mikro za studio na za jukwaa. Sandukuni mlikuwa na waya ambao upande mmoja unaingia kwenye pini hizo tatu, na upande wa pili una fishi ndogo ya milimita 3.5, inayolingana na tundu la simu. Inaingia vizuri, inakaa sawa, na ndiyo maana watu wengi wanadanganyika.

Chukua fishi hiyo ndogo uitazame kwenye mwanga. Utaona mikanda myembamba myeusi iliyozunguka chuma. Hesabu mikanda. Ikiwa miwili, chuma kimegawanyika vipande vitatu. Ikiwa mitatu, vipande ni vinne. Fishi ya masikio ya simu, yale yenye mikro kwenye waya, ina vipande vinne: ncha ni sikio la kushoto, kinachofuata ni sikio la kulia, cha tatu ni waya wa kurudishia umeme, na cha mwisho kabisa, karibu na plastiki, ndicho cha mikro. Fishi ya mama ilikuwa na vipande vitatu. Kipande chake cha mwisho ni kirefu, nacho ni cha kurudishia. Ukiichomeka kwenye simu, kipande hicho kinagusa sehemu mbili kwa pamoja, ile ya kurudishia na ile ya mikro. Simu inaona njia ya mikro imefungwa, inaamua kwamba umeweka masikio yasiyo na mikro, na inaendelea kusikiliza kwa mikro yake ya ndani. Haikuambii lolote. Mshale wa sauti unaendelea kucheza kwenye kioo, nawe unaamini kazi inaendelea.

Dawa yake ni adapta ndogo yenye fishi ya vipande vinne upande wa simu, na matundu mawili upande wa pili, moja la masikio na moja lenye alama ya mikro. Ninayo moja, tukaiweka. Tukakwaruza tena. Safari hii wavu wa mikro ulilia kwa nguvu na simu ikanyamaza. Mama akatabasamu. Lakini tuliporekodi sentensi mbili za hadithi ya sungura, nyuma ya sauti yake kulikuwa na "shhhh" isiyokoma, kama mvua ya mbali. Na sauti yenyewe ilikuwa ndogo. Tulipoikuza, na ile mvua ikakua pamoja nayo.

Hapo ndipo tunaingia kwenye wavu na kichwa cha mikro, kile mafundi wanachokiita kapsuli. Wavu ukiwa ni tufe juu ya mpini, unaongea ukielekea kichwani, kama unavyofanya kwa mikro ya kanisani. Wavu ukiwa mpana, wenye tumbo mbele na nyuma, kama huu wa mama, mara nyingi kapsuli imesimama wima ndani yake, na unaongea ukielekea ubavuni. Upande wa mbele kwa kawaida ndio wenye jina la mtengenezaji au alama ndogo yenye umbo la moyo. Moyo huo si pambo. Ni ramani ya usikivu: mikro inasikia vizuri mbele, kidogo pembeni, na nyuma hafifu kabisa. Ukiona duara tupu, mikro inasikia pande zote sawa.

Sasa zima taa, chukua tochi ya simu, umulike kupitia wavu kutoka nyuma, huku wewe ukichungulia kutoka mbele. Kama ndani kuna kapsuli kubwa ya kondensa, ya zile za studio, utaona sahani ya duara yenye upana wa sentimita mbili na nusu hivi, mara nyingi ya rangi ya dhahabu. Huo ndio utando, mwembamba kuliko karatasi yoyote unayoijua, uliopakwa dhahabu kiasi kidogo sana. Ukiona dhahabu hiyo, usifungue, usiguse, wala usipulize. Alama moja ya kidole inatosha kuiharibu.

Kwa mama hatukuona dhahabu. Tuliona pete ya plastiki, na katikati yake kikopo kidogo cha fedha kilichofunikwa kitambaa cheusi, kisichozidi upana wa kifungo cha shati. Hicho ni kapsuli ya elektreti. Nayo ni kondensa, lakini utando wake, au bamba lililo nyuma ya utando, umetiwa chaji ya umeme inayobaki humo miaka na miaka. Ni kazi ya James West na Gerhard Sessler, waliyoikamilisha mwaka 1962 katika maabara za Bell huko Marekani. Mikro nyingi zilizokuja baadaye ndani ya simu, kompyuta na vinasa sauti vidogo zilijengwa juu ya ugunduzi huo. Kwa hiyo msidharau kikopo kidogo. Ninachokilalamikia ni kukiweka ndani ya mwili mkubwa unaoahidi kingine. Mikro za namna hii zinauzwa kwa wingi zikiwa na maandishi BM-800, jina linalotumiwa na watengenezaji mbalimbali, na ukizifungua mbili zenye jina hilo unaweza kukuta vitu viwili tofauti ndani.

Je, ile "shhhh" ilitoka wapi? Kila kondensa ina kipande kidogo cha elektroniki kinachokuza sauti ya utando, na kipande hicho kinahitaji umeme. Meza ya studio, au kile kisanduku cha kurekodia kinachounganishwa na kompyuta, hutoa volti 48 kupitia waya uleule wa pini tatu. Utaona kitufe kimeandikwa +48V. Simu hutoa volti mbili hivi kupitia tundu la masikio. Sakiti ya mikro hii ilitengenezwa ikitarajia volti nyingi zaidi. Kwa volti mbili inaamka, lakini haina nguvu. Inatoa sauti ndogo, simu inalazimika kuikuza sana, na kelele za elektroniki zinakuja juu pamoja nayo. Mtu akiiunganisha mikro hiyohiyo na kisanduku chenye +48V, inaweza kufanya kazi ya heshima. Mama hana kisanduku wala kompyuta. Ana simu.

Kijana wake aliyemsindikiza akasema, "Papa, si tutumie ile ya karaoke? Hiyo haihitaji umeme." Ni wazo la mtu anayefikiri, nami nikaichukua ile mikro ya pili. Nilifungua tufe la wavu, linazungushwa tu kama kifuniko cha chupa. Ndani ya wavu kuna sponji, na chini yake kapsuli pana kama kifuniko cha soda, yenye matundu mbele. Nikachukua sindano ya kushonea, nikaisogeza taratibu karibu na kapsuli. Sindano iliruka ikanasa. Hiyo ndiyo alama ya mikro ya dinamiki: ndani yake kuna sumaku halisi, na koili ya waya mwembamba iliyogandishwa kwenye utando. Sauti inatikisa utando, koili inacheza ndani ya sumaku, na umeme unazaliwa hapohapo bila betri. Ni bafle iliyogeuzwa kinyume. Kumbuka ni sindano inayojaribiwa karibu na kapsuli. Usitumie sumaku kwenye wavu, maana wavu mwingi ni wa chuma na utanasa hata kama ndani hamna sumaku yoyote.

Dinamiki ni mikro ya kazi ngumu. Ile maarufu kuliko zote za jukwaani, SM58 ya kampuni ya Shure, ilitoka mwaka 1966 na mpaka leo inauzwa ikiwa na umbo lilelile. Unyevu wetu wa hapa karibu na mstari wa ikweta hauitishi. Lakini umeme inaozaa ni kidogo sana, kama sehemu mbili tu katika elfu za volti moja ukiongea kwa nguvu karibu nayo. Inahitaji kikuzaji kizuri, na simu haina.

Tena kuna jambo la ajabu ambalo kijana aliliona kwa macho yake. Tuliichomeka ile ya karaoke kwenye simu kupitia adapta mbili, moja ya kupunguza fishi kubwa ya milimita 6.35, na ile yangu ya vipande vinne. Mara simu ikaanza kujipunguza sauti yenyewe, mstari unashuka kwenye kioo mpaka sifuri. Kijana akadhani simu ina shetani. Sababu ni hii. Vitufe vilivyo kwenye waya wa masikio ya simu za Android havina waya wao. Vinatumia njia ileile ya mikro, na simu inavitambua kwa ukinzani. Mikro inatakiwa iwe na omu 1,000 au zaidi. Omu 240 ni kitufe cha kuongeza sauti, omu 470 ni cha kupunguza. Koili ya mikro ya karaoke ina omu mia chache. Simu ikapima, ikakuta ukinzani unaokaribia wa kitufe, ikaamini kuna kidole kinachobonyeza bila kuachia. Kwa hiyo ile ya karaoke ibaki kwenye bafle yake. Huko inafaa sana.

Ikabaki ile ndogo ya kibano. Wavu wake ni mdogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, umefunikwa kisponji. Ndani ni elektreti, kikopo cha milimita sita hivi, kilichofungwa kabisa nyuma, na kapsuli iliyofungwa nyuma inasikia pande zote. Ile inayosikia upande mmoja lazima iwe na matundu nyuma yake pia, ili sauti ya nyuma iingie kwa njia mbili na kujiua yenyewe. Ndiyo maana waimbaji wanaokumbatia tufe la mikro kwa kiganja wanaiharibia kazi: wanaziba yale matundu, na bafle inaanza kupiga mluzi. Fishi ya hii ndogo ina mikanda mitatu, vipande vinne. Mikro za kibano kama Boya BY-M1 zina pia kitufe cha kuchagua simu au kamera, na unaporekodi kwa simu lazima kiwe upande wa simu. Tuliangalia kitufe, tukachomeka, tukakwaruza. Ikalia yenyewe.

Mama aliitazama kwa mashaka. "Hii ndogo ishinde ile kubwa?" Nikamjibu kwa hesabu, maana umbali ndio unaoamua kuliko bei. Hadithi zake zilirekodiwa kwa sentimita 60 hivi kutoka mdomoni. Ukiibana hii kwenye kitambaa kifuani, inakuwa sentimita 15 kutoka mdomoni. Kila ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako inayofika kwenye mikro inaongezeka desibeli 6, na mwangwi wa chumba unabaki palepale ulipokuwa. Kutoka 60 hadi 30, desibeli 6. Kutoka 30 hadi 15, nyingine 6. Jumla 12, yaani sauti ya mama imekuwa kubwa mara nne kwa umeme, huku kuta za saruji zikibaki zilivyo. Watu husema dinamiki "haisikii mbali" na kondensa "inasikia mpaka jirani". Ukweli ni kwamba tunaishika dinamiki mdomoni na kuiacha kondensa mezani. Ukiziweka umbali mmoja, zikiwa na moyo wa namna moja, jogoo atasikika sawa kwenye zote mbili.

Hata hivyo hii ndogo inasikia pande zote, na nyumba ya mama ina paa la mabati bila dari. Mvua ikianza hakuna mikro ya kumwokoa, asubiri ipite. Pikipiki za barabarani na jenereta la jirani nazo zina saa zake. Nilimwomba apige kofi moja kila chumba na kusikiliza mkia wa kofi. Sebuleni kofi lilijibu, twaa. Chumbani kwake, penye godoro, nguo zilizotundikwa na mablanketi yaliyokunjwa, kofi lilikufa palepale. Arekodi humo, akiwa ameelekea nguo, si akielekea ukuta mtupu. Simu asiichaji wakati wa kurekodi, kwa sababu chaja nyingi huingiza mvumo kwenye waya wa mikro. Na mikro aibane kidogo pembeni, isiwe chini ya mdomo moja kwa moja, ili "p" na "b" zisipulize upepo juu yake. Kabla ya hadithi arekodi sekunde kumi za kimya, asikilize kwa masikio. Akisikia "shhhh" katika kimya hicho, itakuwapo katikati ya kila neno.

Kuhusu unyevu, nilimpa mfuko mdogo wa plastiki wenye kufungika na vile vipakiti vya chembe za kukaushia vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Elektreti na kondensa zikilowa unyevu hutoa mlio wa kupasuka-pasuka, tak, tak, hata mtu asipoongea. Mara nyingi ukizikausha taratibu zinapona. Usizianike juani wala kuziweka karibu na jiko.

Alirudi nyumbani na ile ndogo, na mikro kubwa ikiwa sandukuni, akisubiri siku ambayo kijana wake atapata kisanduku chenye +48V. Baada ya juma moja alinitumia hadithi ya kwanza, ile ya sungura, aliyoirekodi alfajiri kabla ya pikipiki kuamka. Nilivaa masikio nikafumba macho. Nilisikia anavyovuta pumzi kabla ya kubadili sauti kuwa fisi, nikasikia kitambaa chake kikigusa waya mara moja, jambo ambalo nitamwonyesha namna ya kulizuia kwa kukunja waya kitanzi kidogo chini ya kibano. Jogoo wa jirani alikuwapo bado. Safari hii alikuwa nje, kwa jirani.